Betri ya Taa na Deni la Kila Usiku

Umeme ulikatika saa kumi na mbili jioni kama ilivyokuwa kawaida ya wiki ile. Inverta ikashika zamu, balbu sita zikawaka nyumba nzima, na watoto wakaendelea na madaftari yao mezani. Haikufika saa moja na nusu inverta ikaanza kulia, pii, pii, pii, na kabla sijainuka kuitazama, nyumba ilikuwa giza. Betri iliyokuwa ikitufikisha saa tano usiku bila wasiwasi sasa haikumaliza hata saa moja na nusu. Na ilikuwa na miezi saba tu.

Asubuhi niliipakia kwenye mkokoteni nikaipeleka kwa fundi mmoja wa Ngamiani, hapa Tanga, mzee ambaye amechezea betri tangu enzi za redio za mbao. Ilikuwa betri ya gari, ile inayoitwa N70, ya maji, yenye vifuniko sita juu. Mzee alifungua vifuniko kimoja kimoja, akachovya haidromita, akavuta asidi ndani ya kile kibomba cha kioo na kuinua machoni. Kielea kilizama karibu chote. Betri iliyojaa husoma kama 1.28, hii yangu ilisoma 1.15 katika seli tano, na ile ya sita ilikuwa imeshuka hadi 1.10, yaani haina kitu.

Nilitegemea aniulize nimeitumia kwa muda gani. Hakuuliza hilo.

"Mwanangu, hii betri ulikuwa unaijaza saa ngapi?"

Nikamweleza. Umeme ukirudi saa tano usiku nachomeka chaja, nikienda kulala saa saba naichomoa, kwa sababu sikutaka chaja ile uniti za luku usiku kucha. Mchana nipo kazini, nyumba imefungwa, chaja haijachomekwa.

Alitikisa kichwa kwa huruma. "Basi hukuiua kwa kuitumia. Umeiua kwa kutoijaza."

Swali lile la mzee ndilo ninalotaka kukuachia wewe unayesimama dukani ukitazama betri mbili, moja ya risasi na nyingine ya lithiamu, ukijiuliza kwa nini hii nyepesi inauzwa mara mbili ya ile nzito. Wengi huanza na bei, wengine huanza na ukubwa ulioandikwa ubavuni. Anza na swali la mzee: nyumbani kwako, betri hii itajazwa lini, na kwa saa ngapi?

Kinachotokea ndani ya betri ya risasi

Betri ya risasi ni ya zamani kuliko balbu yenyewe. Mfaransa Gaston Planté aliitengeneza mwaka 1859, na mpango wake haujabadilika sana. Ndani kuna bamba za risasi zilizozama kwenye asidi ya salfa iliyochanganywa na maji. Kila seli hutoa takriban volti 2, na seli sita zikiunganishwa hutoa volti 12.

Unapowasha taa, asidi huingia kwenye bamba na kuacha juu yake utando mweupe wa salfeti ya risasi. Unapochaji, utando ule huyeyuka, asidi hurudi kwenye maji. Ndiyo maana haidromita inaweza kusoma chaji: maji yenye asidi nyingi ni mazito na kielea huelea juu, maji yaliyopoteza asidi ni mepesi na kielea huzama.

Shida iko kwenye muda. Utando ukiwa mbichi huyeyuka kwa urahisi. Ukiachwa siku nyingi bila kuyeyushwa wote, hugeuka chembe ngumu, na chembe zile hazirudi tena kuwa asidi kwa chaja ya kawaida. Sehemu ya bamba iliyofunikwa nazo imekufa, na betri ya ampea 70 inakuwa ya 40, kisha ya 20, ingawa kwa nje ni ile ile na lebo yake haijabadilika.

Dalili yake unaweza kuiona mwenyewe kwa mita ya fundi. Betri iliyoingia ugonjwa huu, ukiichomeka chaja, volti hupanda haraka mno, katika dakika chache imefika 14 na chaja inawasha taa ya kijani kana kwamba kazi imekwisha. Ukiwasha balbu, volti huporomoka kwa kasi ile ile. Ni kama mtungi uliojaa mchanga: maji kidogo tu umejaa, ukimimina mara moja umekauka.

Mafundi wanasema dawa ya deni ni kulipa, na sijaona kifaa kinachoufuata msemo huu kama betri ya risasi. Nyumba yangu ilikuwa ikichukua kama ampea-saa 33 kila usiku. Chaja yangu ya ampea 10, kwa saa mbili nilizoipa, ilirudisha 20 hivi. Kila usiku nilibakiza deni, na deni lile ndilo lililogeuka chembe ngumu juu ya bamba. Isitoshe, betri ya gari imetengenezwa kutoa nguvu kubwa kwa sekunde chache ili kuwasha injini, kisha kujazwa papo hapo na jenereta ya gari. Bamba zake ni nyembamba. Kuitoa nusu ya chaji yake kila usiku ni kumbebesha mkimbiaji wa mita mia gunia la mahindi.

Mia moja ya risasi, hamsini ya lithiamu

Sasa tufanye hesabu ya nyumba moja, kwa sababu hapo ndipo watu wengi hupotea. Chukua balbu sita za wati 7 zikiwaka saa tano. Sita mara saba ni 42, mara tano ni wati-saa 210. Ongeza simu tatu za kuchaji, wati-saa 45, na kile kisanduku cha intaneti chenye wati 10 kwa saa tano, wati-saa 50. Jumla ni 305. Inverta nayo hula chakula chake: sehemu hupotea inapogeuza umeme, na sehemu huliwa kwa kuwa imewashwa tu. Kwa mahitaji madogo kama haya, ni salama kuhesabu wati-saa 400 kwa usiku.

Betri ya risasi ya volti 12 na ampea-saa 100 ina, kwa maandishi, wati-saa 1,200. Usidhani zote ni zako. Ukitaka iishi, usivuke nusu, yaani 600. Chini ya nusu kila unachochukua kinakatwa kwenye umri wake. Mahitaji yetu ya 400 yanaingia humo vizuri na akiba inabaki kwa usiku ambao umeme umechelewa.

Betri ya lithiamu inayofaa nyumbani ni ile ambayo lebo yake imeandikwa LiFePO4, yaani lithiamu iliyofungwa pamoja na chuma na fosfeti. Si jamii ile ya betri za simu na kompyuta. Hii ni tulivu zaidi, haishiki moto kwa wepesi na inadumu zaidi. Seli yake moja ina volti 3.2, nne zikipangwa hutoa volti 12.8. Unaweza kutumia asilimia 80 ya chaji yake kila siku bila kuiumiza. Kwa hiyo ya ampea-saa 50, ambayo ni wati-saa 640, inakupa 512 za kutumia.

Weka hizi mbili kando kwa kando: 600 za betri ya mia moja ya risasi, na 512 za betri ya hamsini ya lithiamu. Kwa nyumba yetu ya wati-saa 400, zote mbili zinatosha. Kwa hiyo anayelinganisha bei ya mia ya risasi na mia ya lithiamu amekwisha kukosea kabla hajafungua pochi. Mlinganisho wa haki ni mia kwa hamsini.

Jambo moja zaidi kuhusu kuvuka nusu. Inverta nyingi za bei nafuu hukata umeme betri ikifika volti 10.5. Kwa betri ya risasi hapo si nusu tena, hapo umekwisha kukwangua chungu. Usingoje inverta ikulindie. Zima taa zote, iache betri itulie kama nusu saa, kisha pima: volti 12.6 au zaidi imejaa, karibu na 12.1 umefika nusu. Kipimo cha wakati taa zinawaka hudanganya, kwa sababu volti hushuka kwa mzigo na hupanda tena mzigo ukiondoka.

Saa za kujaza

Turudi kwenye swali la mzee. Asubuhi baada ya usiku wetu wa wati-saa 400, kila betri inadai. Ya risasi inadai ampea-saa 33 hivi, ya lithiamu 31. Madeni yanakaribiana, lakini namna ya kulipa ni tofauti kabisa.

Betri ya risasi hupokea chaji kwa pupa mwanzoni. Kwa chaja ya ampea 10, saa mbili za kwanza hivi zitairudisha hadi kama asilimia 85. Hapo volti imefika 14.4, na betri huanza kupunguza mlango. Chaja inataka kutoa 10, betri inapokea 6, kisha 4, kisha 2, na hakuna namna ya kuilazimisha. Ukipandisha volti zaidi utachemsha maji yake tu. Ile asilimia 15 ya mwisho huchukua saa tano au sita. Jumla, betri yako inataka saa saba hadi nane bila kukatizwa, na ni zile saa za mwisho, zinazoonekana kama za kupoteza, ndizo zinazoyeyusha utando uliobaki.

Mimi nilikuwa nachomoa chaja mlango unapoanza tu kufungwa, kisha betri inakaa hivyo hivyo siku nzima ikingoja kiza kingine. Na nilifanya hivyo ili kuokoa uniti ambazo, katika saa zile za mwisho, ni chache sana, kwa sababu ampea zinazoingia ni chache.

Lithiamu haina tabia hii. Hupokea ampea 10 tangu mwanzo hadi karibu na mwisho, kwa hiyo ampea-saa zake 31 hurudi kwa saa tatu na kidogo. Ukiwa na chaja ya ampea 20, na karibu kila betri ya hamsini ya aina hii inaimudu, umemaliza kwa saa moja na nusu na ushee. La maana zaidi ni kwamba usipomaliza, hakuna kinachoharibika. Ndani yake hakuna utando unaogeuka jiwe. Ukiiacha na asilimia 60 siku tatu, inakaa na asilimia 60 yake, na kwa kweli hupenda kukaa katikati kuliko kukaa imejaa pomoni wiki nzima.

Kwa hiyo mgao ndio adui mkubwa wa betri ya risasi. Si giza lenyewe; ni ule mpangilio wa kurudishiwa umeme saa tatu, ukakatwa saa nane, ukarudishiwa saa mbili. Walioishi na mgao wa mwishoni mwa 2023, kabla mtambo wa kwanza wa bwawa la Julius Nyerere kuanza kuzalisha Februari 2024, wanajua jinsi betri mpya zilivyokuwa zikichoka kabla ya mwaka. Nyingi hazikuwa feki. Hazikupata usiku mmoja wa kujazwa hadi mwisho.

Kwa wanaotumia paneli za sola, hesabu inafanana. Betri ya risasi hupoteza njiani karibu sehemu moja kwa tano ya umeme unaoiingiza, kwa hiyo kurudisha wati-saa 400 inabidi uizalishie kama 500. Paneli ya wati 150 katika jua zuri la pwani hufikia hapo. Lithiamu hupoteza kidogo sana, chini ya sehemu moja kwa kumi, na ingetosheka na paneli ndogo kiasi. Lakini tofauti halisi huonekana wakati wa masika. Mawingu yakitanda siku nne na paneli ikatoa nusu ya kawaida, betri zote mbili zitalala nusu. Jua likirudi, lithiamu inaamka kama haijapatwa na kitu. Ya risasi itaamka na kovu.

Bei ya usiku mmoja

Wauzaji hupenda kutaja mizunguko, yaani mara ngapi betri inaweza kutumiwa na kujazwa kabla haijachoka. Betri nzuri ya risasi ya kazi za sola, si ya gari, ikitumiwa hadi nusu hufanya mizunguko mia kadhaa, tuchukue 500. LiFePO4 huandikwa 2,000 na kuendelea, nyingine 4,000 au zaidi; tuchukue 2,500, tusijipe matumaini mengi.

Sasa weka bei. Hizi zangu ni za kufanyia hesabu tu, wewe weka za duka la mtaani kwako. Tuseme risasi ya mia ni shilingi 350,000. Tuseme lithiamu ya hamsini ni 600,000, na chaja inayoifaa ni 100,000, jumla 700,000.

Nyumba ya kwanza hukatikiwa kila usiku. Risasi: 350,000 gawanya kwa 500, ni shilingi 700 kwa usiku. Lithiamu: 700,000 gawanya kwa 2,500, ni shilingi 280. Katika miaka saba hivi ambayo lithiamu moja itahudumu, nyumba hii ingenunua betri za risasi tano na kutumia 1,750,000. Hapa hakuna mjadala.

Nyumba ya pili hukatikiwa mara moja kwa wiki, na siku nyingine zote umeme upo. Kwa mwaka ni mizunguko 52 tu. Betri ya risasi haitafika 500. Itazeeka kwanza, kwa sababu risasi huliwa taratibu hata ikiwa imekaa. Ikitunzwa na chaja nzuri inayoishikilia kwenye volti 13.5 hadi 13.8 muda wote, tukadirie miaka 4. Lithiamu nayo haitamaliza mizunguko yake; vifaa vya elektroniki vilivyomo ndani vina umri, tukadirie miaka 8. Gawanya: 350,000 kwa 4 ni 87,500 kwa mwaka. 700,000 kwa 8 ni 87,500 kwa mwaka. Zimelingana kabisa.

Hapo kinachoamua ni pesa uliyo nayo leo, na hakuna aibu kuchagua risasi. Nyumba ya pili ndiyo makao halisi ya betri hii: hukaa imejaa siku sita, hufanya kazi siku ya saba, hujazwa tena hadi mwisho. Hayo ndiyo maisha iliyoumbiwa.

Joto linavuruga hesabu hii kidogo. Umri wa betri ya risasi hupimwa kwenye nyuzi 25, na kila nyuzi 10 zinazoongezeka hupunguza umri huo kwa karibu nusu. Stoo iliyo chini ya bati hapa pwani, wakati wa kaskazi, hupita nyuzi 35 bila shida, na miaka minne hapo inaweza kuwa miwili. Iweke kwenye chumba chenye kivuli na upepo, sakafuni, mbali na bati. Usiiweke chumba cha kulala wala chini ya kitanda, kwa sababu inapochajiwa hutoa hewa ya haidrojeni, ambayo cheche moja inatosha kuiwasha. Lithiamu hustahimili joto zaidi, ingawa nayo haipaswi kuchajiwa joto likipita nyuzi 45.

Ukihama kutoka risasi kwenda lithiamu

Makosa mengi hutokea siku ya kubadilisha. Mtu hutoa betri ya zamani, huweka lithiamu mahali pale pale, hufunga waya zile zile, na kwa wiki mbili kila kitu kinakwenda vizuri. Kisha usiku mmoja taa zinazimika ghafla, mita inaonyesha volti sifuri, na mwenye nyumba anarudi dukani akipiga kelele kwamba ameuziwa betri mbovu.

Mara nyingi betri ni nzima. Ndani ya kila betri ya LiFePO4 kuna saketi ya ulinzi, inayoandikwa BMS kwenye lebo, na kazi yake ni kufunga mlango seli zikiishiwa sana, zikijazwa kupita kiasi, au waya zikigusana. Mlango ukifungwa, vichwa vya betri havionyeshi chochote. Ichomeke kwenye chaja ya lithiamu, na mara nyingi itaamka ndani ya dakika chache.

Chaja yenyewe ndiyo ya kutazama. Betri hii hutaka kati ya volti 14.2 na 14.6, basi. Chaja nyingi za risasi zina kipindi cha kusafisha bamba, ambapo volti hupandishwa kupita 15 ili kuvunja zile chembe ngumu. Kwa risasi ya maji ni tiba. Kwa lithiamu ni kipigo, kila mara, hadi saketi ya ulinzi ichoke. Kama inverta yako au kidhibiti chako cha sola kina sehemu ya kuchagua aina ya betri, chagua lithiamu. Kama hakina, mwambie fundi azime kipindi hicho, na kama hakizimiki, nunua chaja nyingine.

Usizoee kusoma chaji ya lithiamu kwa volti pia. Kati ya robo tatu na theluthi moja, volti hubadilika kwa kama 0.2 tu. Zile taa nne za inverta zitakuonyesha imejaa, imejaa, imejaa, kisha giza. Hesabu saa ulizotumia, au nunua kipimo kinachohesabu ampea zinazoingia na kutoka. Na usiunganishe kamwe lithiamu mpya na risasi ya zamani ili zisaidiane. Volti zao haziendi pamoja, na moja itaishi kwa kumnyonya mwenzake.

Dukani, mzani ni rafiki wako. Risasi nzito ndiyo mali yenyewe: betri halisi ya mia huwa kati ya kilo 25 na zaidi ya 30. Ukiinua iliyoandikwa mia ikawa ya kilo 15, bamba zimepunjwa. LiFePO4 ya mia huwa kilo 10 hadi 12, na ya hamsini karibu nusu ya hapo. Iliyoandikwa mia ikiwa na kilo 6, umeshika hamsini kwa bei ya mia.

Na ile iliyokufa usiitupe jalalani wala usimwage asidi yake kwenye kisima cha maji machafu. Watu wa pwani tuna somo la karibu. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kilifanya kazi kuanzia 2007 hadi kilipofungwa 2014, na sumu ya risasi ikaingia kwenye damu za watoto. Phyllis Omido, ambaye mtoto wake mwenyewe aliugua, alipigania wakazi hadi mahakama ya Mombasa ikaamuru mwaka 2020 walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3. Betri ya risasi mpeleke anayenunua chakavu kwa ajili ya viwanda vyenye kibali, ikiwa nzima na imefungwa. Asiruhusiwe kuivunja uani kwako.

Nilichochagua

Mzee wa Ngamiani aliniweka siku mbili akijaribu kuifufua N70 yangu kwa chaja ya polepole. Seli tano zilipanda hadi 1.20, ya sita haikuinuka. Akaniita nione mwenyewe kielea kilivyolala.

Nyumbani kwangu tunakatikiwa karibu kila siku, na umeme hurudi kwa vipande. Nilinunua lithiamu ya hamsini na chaja yake ya ampea 20. Sasa, umeme ukirudi saa tano, ifikapo saa saba ninapokwenda kulala imekwisha kujaa, na nikichomoa chaja sina deni ninalomwachia mtu.

Lakini shangazi yangu anayeishi Lushoto alipopiga simu kuniuliza naye anunue ipi, sikumwambia lithiamu. Kwanza nilimwuliza umeme wao hukatika mara ngapi. "Wiki mbili, mara moja. Mvua kubwa ikiangusha mti kwenye waya." Baridi ya milimani, umeme upo, saa za kujaza tele. Nikamwambia anunue ya risasi ya kazi za sola, iliyofungwa, isiyohitaji kuongezwa maji, na chaja inayojua kupunguza yenyewe.

"Na chaja niichomoe usiku?" akauliza.

"Usiichomoe, shangazi. Iache hapo hapo."

Huu ni mwaka wa tatu, na betri yake bado inasoma 12.7 asubuhi.